Somo: Vikombe vitatu vya kumwonjesha mteja aliyezoea kahawa ya kopo

Somo hili linamhusu mteja anayeingia mgahawani Kampala, Jinja au Mbarara na kuagiza kahawa, na anachokitaka ni kijiko cha kahawa ya kopo, maziwa ya moto na sukari vijiko viwili. Ukimletea kikombe cha kahawa ya Mlima Elgon iliyokaangwa kidogo, bila maziwa, atakunywa funda moja na kukuuliza kama imeharibika. Wahudumu wengi hudhani uchungu ndio unaomkimbiza. Uchungu ameuzoea, na ile sukari ni kwa ajili yake. Kinachomshtua ni uchachu, kwa sababu hajawahi kuukuta kwenye kahawa. Kwa hiyo tunampeleka kwenye uchachu polepole, kwa vikombe vitatu.

Kwanza mhudumu mwenyewe aelewe kopo lina nini. Kiwandani buni hukaangwa, husagwa, kisha hupitishiwa maji ya moto sana yenye shinikizo. Kwa maji ya kawaida jikoni ni kama theluthi tu ya uzito wa buni inayoweza kuyeyuka, na kikombe kizuri huchukua takriban asilimia 18 hadi 22. Kiwanda hukamua zaidi ya hapo. Maji yale mazito hukaushwa kwa hewa ya moto au kwa kugandishwa, na harufu nyingi hupotea njiani. Kinachobaki ni uchungu, rangi na ladha ya kukaangwa. Mteja haambiwi hayo kwa dharau. Amekunywa kahawa hiyo miaka mingi, na ukiisema vibaya umemsema yeye.

Hatua ya 1: Andaa kahawa mbili, si tano

Tafuta kahawa ya Rwenzori iliyokaushwa na ganda lake, ile ambayo wafanyabiashara huiita drugar, iliyokaangwa wastani. Hakikisha ilikaushwa juu ya vichanja na si juu ya udongo. Ya pili iwe ya Elgon, upande wa Sipi au Bugisu, iliyooshwa, na iliyokaangwa kidogo chini ya wastani. Ya Rwenzori ni nzito mdomoni, ina utamu wa matunda yaliyoiva na uchachu mdogo. Ya Elgon ni safi zaidi, na uchachu wake unajitokeza wazi. Zote mbili ziwe zimepumzika angalau wiki moja baada ya kukaangwa.

Hatua ya 2: Pika kwa plunja

Plunja, yaani jagi lenye kichungi cha kubonyeza chini, inafaa kwa sababu haihitaji ufundi wa mkono, na kinywaji chake kina uzito ambao mteja wa kopo anaufahamu. Kwa kila kahawa pima gramu 15 na maji mililita 250. Saga chenga chenga, ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Mimina maji yote, koroga mara moja, funika, subiri dakika 4, kisha bonyeza taratibu na umimine papo hapo. Ukiiacha ndani ya plunja inaendelea kukamuka na kuwa chungu.

Vitabu vingi husema maji yakichemka uyaache yapoe kidogo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sipi ni karibu nyuzi 94. Kwa hiyo huku kwetu mimina yakiwa yametoka tu kuchemka. Ukisubiri dakika tatu, kahawa ya Elgon haitakamuka vya kutosha, nayo itakuwa chachu kwa kosa lako.

Kabla ya kumimina maji, nusa unga mkavu. Kahawa za ukanda wetu wa Maziwa Makuu wakati mwingine huwa na kasoro ya kiazi: punje moja tu inatosha kufanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi kilichomenywa. Ukiisikia, tupa dozi hiyo, safisha mashine na usage nyingine. Ndiyo maana tunasaga kila dozi peke yake.

Hatua ya 3: Mpangilio wa mezani

Weka vikombe vitatu vidogo, kila kimoja mililita 60 hivi. Kikombe cha kwanza ni kahawa yake ya kopo, kijiko kimoja cha chai kwa mililita 180 za maji, bila sukari wala maziwa. Cha pili ni Rwenzori. Cha tatu ni Elgon. Pembeni weka maji ya kunywa yasiyo baridi, sukari, na maziwa ya moto kwenye jagi. Sukari na maziwa vionekane tangu mwanzo, maana mteja akiona vimefichwa anahisi yuko kwenye mtihani.

Usianze kuonjesha kahawa ikiwa inatoa mvuke mwingi. Kwenye nyuzi 80 ulimi unasikia moto tu. Ukimimina kwenye kikombe kinene cha udongo na kusubiri kama dakika nne au tano, inashuka kufikia nyuzi 60 na kitu, na hapo ladha zinaanza kuonekana.

Mwambie anywe kopo kwanza, kidogo tu. Wengi hawajawahi kuionja bila sukari, na wanakunja uso wenyewe bila wewe kusema neno. Usicheke, wala usiseme “umeona?” Muulize swali moja tu: “Ikishapita kooni, mdomoni kunabaki nini?” Atakwambia uchungu, au ukavu. Ukavu ule wa ulimi ni ukakasi, kama wa ndizi mbichi, na ni vizuri ajue kuutofautisha na uchungu, kwa sababu atakuuliza baadaye.

Anywe maji, kisha aende kwa Rwenzori. Hapa kosa kubwa la wahudumu ni kutaja ladha mapema. Ukisema “utasikia zabibu na chokoleti,” mteja anaacha kuonja na kuanza kutafuta zabibu. Asipoipata anajiona mjinga. Muulize vitu viwili anavyoweza kujibu: je, ni nzito au nyepesi kuliko ile ya kwanza? Je, uchungu umezidi au umepungua? Karibu kila mtu anaweza kujibu hayo, na akishajibu mawili anaanza kujiongeza mwenyewe.

Elgon ndiyo ya mwisho, na hii tu ndiyo unayoitolea tahadhari: “Hii ina uchachu kidogo, kama wa chungwa. Ndivyo ilivyo, haijaharibika.” Maneno hayo yanatosha. Akikunja uso, mrudishe kwenye kikombe cha pili, halafu amalizie cha tatu baada ya dakika tano kikiwa vuguvugu. Kahawa ikipoa, uchachu unaonekana zaidi, lakini kwa kahawa iliyopikwa vizuri utamu nao unaonekana zaidi, na vikombe hivyo viwili anaviona tofauti kabisa na mwanzo. Kopo likipoa halipati faida hiyo. Mwache aligundue hilo mwenyewe.

Hatua ya 4: Maziwa na sukari

Baada ya vikombe vitatu, mpe kikombe chake kamili kwa namna anayoipenda. Kwa maziwa tumia Rwenzori, na uipike nzito zaidi: gramu 15 kwa mililita 180. Changanya mililita 100 za kahawa na 60 za maziwa yaliyopashwa bila kuchemka. Maziwa yaliyochemka sana yana harufu ya kupikwa inayofunika kila kitu. Elgon ya uchachu usiiwekee maziwa mengi, inakuwa kama mtindi. Sukari aanze na nusu kijiko, aonje, aongeze akitaka. Anayetaka viwili, mpe viwili.

Ukiambiwa “ni chachu,” chunguza kwanza

Uchachu wa kahawa yenyewe huja pamoja na utamu, na ladha hubaki mdomoni kwa muda. Uchachu wa kahawa isiyokamuka ni mkali, kinywaji ni chepesi kama maji, na ladha hukatika ghafla. Mfano: umepika Elgon, gramu 15 kwa 250, dakika 4, na inakata ulimi. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Acha kipimo na maji vilevile, saga laini kwa hatua moja ya mashine, pika tena. Ikigeuka tamu, tatizo lilikuwa usagaji. Ikiwa bado kali na sasa imeongeza ukakasi, umepita kiwango, na huenda tatizo ni ukaangaji: buni imekaangwa haraka mno, ndani haijaiva. Hapo hakuna upishi utakaoiokoa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Jinja: Mwalimu, sina mashine nzuri, ninayo ile ya visu tu. Nifanyeje?*

Inafaa kwa kuanzia. Saga kwa kubonyeza sekunde mbili mbili huku ukiitikisa, usibonyeze mfululizo. Kisha mimina unga kwenye kichungi cha chai na uchekeche sekunde 20. Vumbi linalopita chini ndilo linaloleta uchungu na matope kikombeni, liache. Pima gramu 15 baada ya kuchekecha, si kabla.

*Mwanachama, Masaka: Huku kwetu ni Robusta. Mnaisahau kila siku. Haina nafasi mezani?*

Inayo, ndugu yetu, na Robusta ni mti wa asili ya Uganda. Bado unaota mwitu msitu wa Kibale. Iweke mahali pa kikombe cha pili, badala ya Rwenzori. Kahawa nyingi za kopo zina Robusta ndani yake, kwa hiyo mteja anakuta kitu anachokifahamu, ila kikiwa kisafi. Chagua iliyochumwa ikiwa nyekundu na kuoshwa. Kiboko, yaani Robusta iliyokaushwa na ganda lake, ikiwa imeanikwa chini itanuka udongo, na utakuwa umemthibitishia kwamba kopo ni bora.

*Mwanachama, Kampala: Mteja ananiambia “hii haina nguvu.” Nimjibu nini, dada?*

Muulize kwanza anamaanisha nini. Wengi huita uchungu nguvu. Akimaanisha kuamsha, mwambie kikombe cha gramu 15 kwa kawaida kina kafeini nyingi kuliko kijiko kimoja cha kopo. Hilo lina upande wake wa pili: anayeonja saa kumi na moja jioni mpe mafunda, si vikombe kamili. Akimaanisha ladha, mpikie Rwenzori kwa kipimo cha maziwa, bila maziwa.

*Mwanachama, Mbale: Na akiuliza mbona ni ghali?*

Mpe hesabu. Tuseme kilo ya kahawa iliyokaangwa unainunua shilingi 60,000. Gramu 15 ni shilingi 900 za kahawa ndani ya kikombe. Buni ikikaangwa hupoteza karibu asilimia 15 ya uzito, na kabla ya hapo punje mbovu zimeshachambuliwa kwa mkono. Habari kwamba waonjaji wameipa kahawa alama 80 kati ya 100 usimwanzie nazo. Akipenda, muuzie gramu 100 zilizosagwa na umwandikie kwenye mfuko: vijiko vitatu vya mezani vya kusawazisha, kikombe kimoja kikubwa cha maji, dakika nne. Kama hana plunja, apike kwenye jagi na achuje kwa kichungi cha chai.