SOMO: Kuomba cheti cha kodi cha URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa ajili ya viza (soma mpaka mwisho kabla ya kuniuliza)

Wiki hii pekee nimejibu swali hili mara tisa, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Anayeniuliza tena nitampa ukurasa huu.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Cheti kinachoitwa Tax Clearance Certificate kinasema tu kwamba hudaiwi ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi unayowasilisha, wala kodi yenyewe, au kwamba deni lako lina mpango uliokubaliwa wa kulipa kidogo kidogo. Hakisemi unapata shilingi ngapi. Ubalozi ukiuliza mapato yako, hiyo ni karatasi nyingine, na nitaieleza huko chini.

1. Ingia ura.go.ug kwa TIN yako na pasiwadi. Huduma hii ni bure.

2. Hakikisha barua pepe na simu zilizosajiliwa bado ni zako, maana majibu yatakwenda huko.

3. Fungua leja yako na orodha ya ritani. HAPA NDIPO NILIPOANGUKA.

Mwaka 2019 nilipochukua TIN nilikuwa na duka dogo la vipuri vya pikipiki, pamoja na mshahara wangu. Nikajaza kwamba nina biashara. Duka nililifunga Juni 2021, nikauza rafu na mizani, nikasahau. Kwenye mtandao wa kodi duka halikufungwa. Mwaka wa kodi wa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na ritani ya mwaka inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya hapo, yaani kufikia 31 Desemba. Kwa hiyo nilipoomba cheti Oktoba 2024, nikiwa nimebakiwa na siku nane kabla ya miadi ya ubalozi, ombi lilirudi: ritani za 2021/22 na 2022/23 hazipo. Mimi nilikuwa nasema moyoni, mbona sidaiwi hata shilingi? Kutodaiwa kodi ni jambo moja, kutowasilisha ritani ni jambo jingine. Hata ritani ya sifuri ni ritani.

Tena kuchelewa kuna gharama. Sheria inaweka faini ya 2% ya kodi inayodaiwa au shilingi 200,000, ile iliyo kubwa zaidi, kwa kila mwezi uliochelewa. Niliwasilisha zote mbili usiku huohuo, kesho yake nikaenda ofisini na barua ya mwenye jengo inayoonyesha lini nilirudisha ufunguo. Cheti nilikipata, lakini miadi ilikuwa imeshapita na ikabidi nipange nyingine.

Kwa hiyo, kama umewahi kuandikisha biashara, hata kibanda kilichokaa miezi mitatu, angalia mwaka mmoja mmoja tangu ulipopata TIN. Anza mwezi mmoja kabla ya miadi. Ukishamaliza, omba ile biashara iondolewe kwenye usajili wako. TIN yenyewe inabaki. Kinachoondoka ni wajibu wa ritani za biashara.

4. Rudi kwenye huduma, chagua Tax Clearance Certificate, andika sababu kuwa ni viza, tuma. Hifadhi namba ya ombi.

5. Ombi likikubaliwa, pakua cheti, chapisha, na usome jina lako herufi kwa herufi kabla ya kukifunga kwenye bahasha.

Ukikwama, piga 0800117000, ni bure.

———

Kijana wa Busia: Kaka, hicho cheti ni bei gani? Kuna mtu Nakawa anataka 150,000.

Mwandishi: Bure. Iko hatua ya 1. Usimpe huyo mtu pesa.

Fundi wa Arua: Mimi sina muda, nikutumie TIN na pasiwadi unifanyie?

Mwandishi: Hapana. Na usimtumie mtu yeyote pasiwadi. Mwenye pasiwadi yako anaweza kuwasilisha ritani kwa jina lako, na deni litakuwa lako.

Mwalimu wa Mbale: Shikamoo kaka. Mimi nimeajiriwa tu, shule ya binafsi, sina biashara. Ubalozi umetaka uthibitisho wa mapato. Mshahara wangu kwenye mkataba ni 1,500,000 lakini benki inaonyesha kidogo kuliko hapo. Naogopa wataona kama nadanganya.

Mwandishi: Marahaba mwalimu. Swali zuri, ngoja tulipige hesabu pamoja kwa viwango vya mwaka 2023/24. Kodi ya mshahara unaozidi 410,000 kwa mwezi ni 25,000 jumlisha 30% ya kile kinachozidi. Kwako kinachozidi ni 1,090,000, asilimia 30 yake ni 327,000, kwa hiyo kodi ni 352,000. NSSF inakata 5%, ambayo ni 75,000. Kinachobaki ni 1,073,000. Je, hicho ndicho kinachoingia benki?

Mwalimu wa Mbale: Ndicho hasa! Ila mwaka jana kuna miezi michache kilipungua kidogo.

Mwandishi: Tazama kama ni Julai hadi Oktoba. Kodi ya huduma ya serikali za mitaa hukatwa kwa mafungu manne katika miezi hiyo. Sasa fanya hivi: weka mkataba, hati za mshahara za miezi sita, taarifa ya benki, na barua fupi ya mwajiri inayoonyesha mstari kwa mstari jinsi 1,500,000 inavyofika 1,073,000. Afisa wa viza analinganisha karatasi. Akiikuta hesabu tayari, hana cha kukisia.

Jambo moja zaidi. Muombe mhasibu akuonyeshe mstari wako kwenye ritani ya PAYE, yaani kodi ya mshahara, anayowasilisha kila mwezi kufikia tarehe 15. Tazama TIN iliyoandikwa hapo. Ikikosewa tarakimu moja, kodi unakatwa lakini kwenye jina lako haionekani. Mwajiri ndiye anayepaswa kurekebisha ritani hiyo, wewe huwezi.

Mwalimu wa Mbale: Nimeenda kwa mhasibu. Tarakimu mbili zimegeuzwa, 63 imeandikwa 36! Tangu Februari.

Mwandishi: Basi arekebishe mwezi mmoja mmoja kuanzia Februari, na akupe nakala ya kila uthibitisho. Vizuri umeuliza mapema.

Kijana wa Busia: Kwa hiyo nikishalipa ile 150,000 nitapata lini?

Mwandishi: Nimeshakujibu.

Mama Zaituni wa Kisenyi: Mwanangu, TIN yangu ina jina la baba, paspoti ina jina la mume. Wataikataa?

Mwandishi: Mama, usitume ombi kwanza. Omba marekebisho ya usajili wa TIN, ukiambatanisha kitambulisho cha taifa. Kama kitambulisho nacho kina jina la zamani, anzia NIRA, wanaotoa vitambulisho, kisha ndiyo uje URA. Ukitangulia URA utarudishwa.

Mama Zaituni wa Kisenyi: Kitambulisho kina jina la mume tayari.

Mwandishi: Basi kazi ni nyepesi, mama. Rekebisha TIN, subiri ujumbe wa kukubaliwa, toka, ingia tena uone jina jipya juu ya ukurasa, halafu nenda hatua ya 4.