Kutumia wastani wa bei na RSI kwenye hisa: jinsi ya kuvikokotoa mwenyewe na kujua vinapodanganya

Ukifungua programu yoyote ya chati utaona MA, yaani wastani wa bei unaosogea, na RSI, kipimo cha nguvu ya kupanda na kushuka kwa bei, mbele kabisa kwenye orodha ya viashiria. Unabonyeza, mistari inatokea, na ni rahisi kuamini kwamba mistari hiyo inajua jambo usilolijua. Haijui. Vyote viwili vinatengenezwa kwa bei zilizopita tu. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wavikokotoe wenyewe mara moja kwenye jedwali la Excel au Google Sheets, kwa hisa wanayoifahamu. Ukishaona namba inavyozaliwa, unaona pia mahali itakapokupotosha.

Mifano ya hapa ni ya hisa ya kufikirika ya soko la Nairobi inayouzwa karibu na shilingi 20. Njia ni ileile kwa Dar es Salaam au kwingineko.

Hatua ya 1: Pata bei za kufunga, kisha zisafishe

Safu ya A weka tarehe, safu ya B bei ya kufunga ya kila siku ya soko, kuanzia mstari wa 2, ya zamani ikiwa juu. Chukua angalau mwaka mzima.

Kabla ya kukokotoa chochote, pitia bei kwa macho. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Mwenye hisa hajapoteza kitu, kwa kuwa fedha inamfuata, lakini kiashiria kitasoma kwamba wauzaji wamevamia. Kampuni ikigawanya hisa zake au kutoa hisa za bonasi, ni vivyo hivyo, tena kwa ukubwa zaidi. Siku kama hizo zitie alama, na kama kampuni imegawa hisa, rekebisha bei za zamani kwa uwiano uleule.

Hatua ya 2: Tengeneza wastani mbili

Wastani wa siku 20 ni jumla ya bei 20 za mwisho kugawanywa kwa 20. Kesho bei mpya inaingia, ya zamani kuliko zote inatoka, na wastani unasogea. Andika hivi, kisha vuta fomula hadi chini:

```
C21  =AVERAGE(B2:B21)
D51  =AVERAGE(B2:B51)
```

Safu ya C ni wastani wa muda mfupi, safu ya D ni wa siku 50. Kanuni maarufu ni kwamba ule mfupi ukipanda juu ya ule mrefu, nunua. Ukishuka chini yake, uza.

Hapa pana jambo la kuelewa vizuri. Wastani wa siku 50 hauelezi bei ya leo. Katikati ya siku hizo 50 ni wiki tano za soko zilizopita, na huko ndiko mstari unakoakisi. Wa siku 200 uko nyuma kwa takriban siku 100 za soko. Kuchelewa huku si hitilafu ya kurekebishwa, ndiyo bei unayolipa ili kelele za kila siku zipungue. Ukifupisha siku unapata habari mapema lakini kelele zinarudi.

Hatua ya 3: Ione ishara ya uongo ikizaliwa

Ili hesabu iwe fupi, tutumie wastani wa siku 3 na wa siku 6. Bei za kufunga za siku 12 ni hizi:

```
20.0  19.6  19.2  19.0  19.2  19.8
20.4  20.8  20.6  20.0  19.4  19.0
```

Siku ya 6 wastani mfupi ni 19.33 na mrefu 19.47, kwa hiyo mfupi bado uko chini. Siku ya 7 mfupi unafika 19.80 na mrefu 19.53: umevuka. Ishara ya kununua imethibitika soko likiwa limeshafungwa, basi unanunua siku ya 8. Tuseme unapata kwa 20.80.

Bei inageuka. Siku ya 11 mfupi unakuwa 20.00 na mrefu 20.17, umevuka kwenda chini. Siku ya 12 unauza kwa 19.00. Umenunua karibu na kilele na kuuza kwenye bonde, na umefuata kanuni bila kukosea hata hatua moja. Hasara ni shilingi 1.80 kwa hisa. Kama ada ya dalali na tozo nyingine zinakula, tuseme, asilimia 2 kila upande, ongeza karibu senti 80. Kwa hisa 1,000 ulizolipia shilingi 20,800, karibu shilingi 2,600 zimekwenda.

Bei zenyewe zilikuwa zinapanda na kushuka kati ya 19 na 21 tu. Soko likitembea kando namna hiyo, wastani hukuingiza na kukutoa kwa hasara tena na tena, kwa sababu mwendo unaisha kabla mstari haujaufikia. Faida ya kanuni hii hutoka kwenye miendo michache mirefu inayolipia hasara nyingi ndogo. Mwendo mrefu usipotokea, hakuna cha kuzilipia.

Namna ya kutambua hali hiyo: angalia mstari wa siku 50. Kama umelala karibu tambarare na bei imeukata huku na huku mara nyingi katika miezi mitatu iliyopita, achana na ishara za kuvukana. Wengine huongeza sharti kwamba wastani mfupi uupite mrefu kwa asilimia kadhaa ndipo wanunue. Inapunguza ishara za uongo, ila inakuchelewesha zaidi kwenye zile za kweli.

Hatua ya 4: Kokotoa RSI

RSI ilitolewa mwaka 1978 na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyesomea uhandisi wa mitambo. Siku 14 pamoja na mipaka ya 70 na 30 vimetoka kwake. Inauliza swali moja: katika mabadiliko ya bei ya siku za karibuni, sehemu gani ilikuwa ya kupanda?

```
E3   =B3-B2
F3   =MAX(E3,0)
G3   =MAX(-E3,0)
H16  =AVERAGE(F3:F16)
I16  =AVERAGE(G3:G16)
H17  =(H16*13+F17)/14
I17  =(I16*13+G17)/14
J16  =100*H16/(H16+I16)
```

E ni badiliko la siku, F ni kupanda, G ni kushuka. H na I ni wastani wake; siku ya kwanza ni wastani wa kawaida, na kuanzia mstari wa 17 kila siku inabeba sehemu 13 za jana na sehemu moja ya leo. J ndiyo RSI. Usishangae namba zako zikitofautiana na za programu katika wiki za mwanzo: yao imeanza kuhesabu zamani, na tofauti hupungua kadiri siku zinavyosonga.

Tuseme katika siku 14 kupanda kote kumefika shilingi 3.50 na kushuka kote 1.50, na bei ni 20.00. RSI ni 3.50 kwa 5.00, yaani 70. Kesho bei inapanda hadi 20.40, RSI inakuwa 72.4. Keshokutwa inashuka hadi 20.10, RSI inakuwa 68. Anayeuza kila RSI inaporudi chini ya 70 ameshapewa amri ya kuuza, na kilichotokea ni siku moja ya kushuka senti 30, na bei bado iko juu ya ilipokuwa RSI ilipogusa 70.

Hatua ya 5: Jua RSI isichokijua

RSI haijui kama hisa ni ghali au rahisi. Haijui faida ya kampuni wala madeni yake. Juu ya 70 maana yake ni kwamba kupanda kumezidi kushuka sana, basi. Hisa yenye mwendo wa nguvu inaweza kukaa juu ya 70 kwa wiki kadhaa huku ikiendelea kupaa.

Upande wa chini ni hatari zaidi, kwa kuwa 30 inashawishi kama bei ya punguzo. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, mwaka 2021 ikapita shilingi 40, kisha ikafika mwisho wa 2023 ikiwa chini ya 15. Katika mteremko mrefu kama huo, RSI haihitaji bei kurudi ilikotoka ili ipande tena juu ya 30, jambo ambalo wengi hulichukua kama ishara ya kununua. Siku chache za kupanda kidogo zinatosha. Halafu bei inaanza kushuka upya ikitokea chini zaidi, na RSI inatoa ishara nyingine ya kununua. Aliyezifuata zote anakusanya hisa njia nzima ya kuteremka.

Kuna kosa jingine la RSI linalotuhusu sana sisi wa masoko madogo, na sioni likielezwa vya kutosha. Hisa nyingi hapa hukaa siku kadhaa bila bei kubadilika. Angalia fomula: siku bei isipobadilika, H na I zote zinapungua kwa uwiano sawa, kwa hiyo RSI inabaki palepale, huku wastani zenyewe zikisinyaa. Chukua ile hisa yetu yenye RSI 70. Bei ikishuka senti 50 kesho yake, RSI inakwenda 63. Lakini ikilala siku 20 kwanza, ndipo ishuke senti 50 hizohizo, RSI inaporomoka hadi 47. Badiliko la bei ni lilelile, pengine ni mtu mmoja aliyeuza hisa chache. Kabla ya kusoma RSI, hesabu siku zenye sifuri kwenye safu ya E. Zikiwa zaidi ya theluthi ya miezi miwili iliyopita, RSI ya siku kwenye hisa hiyo mimi siitumii. Hesabu upya kwa bei za mwisho wa wiki, au iache.

Hatua ya 6: Vitumie pamoja, kila kimoja na kazi yake

Wengi husema RSI imethibitisha wastani. Haiwezi, kwa sababu zote zimesoma bei zilezile. Ni kama mashahidi wawili waliosimuliwa tukio na mtu mmoja.

Ninachofanya ni kugawa kazi. Wastani wa siku 200 unaniambia upande. Ukiwa unainama chini, RSI kugusa 30 siipi uzito wowote wa kununua. Ukiwa unainuka na bei iko juu yake, RSI ikishuka hadi eneo la 40 naanza kuitazama hisa, kwa sababu katika mwendo wa kupanda mara nyingi RSI haifiki 30 kabisa. Na kabla ya kununua naandika bei ambayo nikiifikia nitatoka, kwa kuwa kiashiria kitachelewa kunitoa.

Hatua ya 7: Jaribu kwa bei za nyuma bila kujidanganya

Rudi kwenye jedwali lako, andika kila ishara ya mwaka mzima, na ukokotoe matokeo. Ishara ya leo inunue kwa bei ya kesho, kwa kuwa bei ya kufunga ya leo huwezi kuipata ukiwa umeshaiona. Toa ada pande zote mbili. Kwa hisa isiyouzwa sana, angalia pia kama siku hiyo palikuwa na hisa za kutosha kwa bei hiyo.

Utajaribiwa kubadilisha siku 20 na 50 ziwe 17 na 43 kwa sababu zinaleta faida kubwa zaidi. Ukifanya hivyo, jaribu namba hizo kwenye mwaka mwingine ambao hukuutumia kuzichagua. Zikileta faida mwaka mmoja na hasara mwingine, ulichokipata kilikuwa bahati ya mwaka ule. Kisha linganisha na mtu aliyenunua hisa hiyo mwanzoni mwa mwaka, akakaa nayo tu na kupokea gawio. Mara nyingi, baada ya ada, yeye ndiye aliyetangulia.