Barua ya kuomba ufadhili wa uzamivu katika misahafu ya kale: mwongozo kutoka Ujiji

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kigoma au Tabora aliyekwisha kupata shahada ya umahiri katika Kiarabu, historia au masomo ya Kiislamu, na sasa anataka ufadhili wa kusoma misahafu iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya kwanza ya Hijra. Fomu, wasifu na nakala za vyeti mnavijua. Katika hayo nitagusa jambo moja tu, kwa sababu liliniumiza mfukoni. Chuo nilichosoma kilinitumia matokeo rasmi katika bahasha isiyo na lakiri, mfadhili akayakataa, na ikanibidi nipande treni kufuata mengine. Unapoomba matokeo, andika kabisa kwenye barua yako kwamba unataka bahasha ifungwe na kupigwa mhuri juu ya mkunjo. Anza na hilo kabla hujaandika neno lolote la barua ya maombi.

Sasa barua yenyewe. Nyingi hazizidi kurasa mbili, na zinataka mambo matatu: unalenga nini, utafanyaje, na watu wa kwenu watafaidika na nini.

Lengo

Liwe dogo kiasi cha mtu kuweza kulikagua. Ukiandika kwamba unataka kuchunguza historia ya uandishi wa Qur'ani, msomaji hana cha kukuuliza, naye atageukia barua inayofuata. Tafuta swali katika kile ulichokaa nacho miaka mingi madrasa.

Mimi nilianzia kwenye mlango wa ta. Kila aliyehifadhi Jazariyya anajua kwamba Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, alitaja mahali saba ambapo neno rahmat limeandikwa kwa ta maftuha: Baqara, A'raf, Hud, Maryam, Rum, na Zukhruf mara mbili. Mahali pengine neno hilohilo, likiwa limeungana na jina linalolifuata vilevile, limeandikwa kwa ta marbuta. Tunalihifadhi kwa ajili ya kusimama: penye maftuha wengi tumefundishwa kusimama kwa ta, penye marbuta kwa ha. Lakini msomaji akiunganisha, sikio halisikii tofauti yoyote. Kwa hiyo mwandishi anayeandika kwa kusikia tu hana njia ya kujua wapi aweke ipi. Misahafu ya kale ikikubaliana mahali kwa mahali, maana yake waandishi walikuwa na nakala mbele ya macho yao.

Mwaka 2019 Marijn van Putten wa Leiden alichapisha utafiti wa namna hiyo juu ya neno nimat katika misahafu 14 ya kale. Aliona tahajia inakubaliana, akahitimisha kwamba misahafu hiyo inarudi kwenye nakala moja iliyoandikwa. Mtaje katika barua. Watakaokusoma wanamjua, na ukimruka watadhani hujasoma. Kisha sema wewe unaongeza nini. Sentensi yangu ilikuwa hii: "Van Putten ameijenga hoja yake juu ya neno nimat, ninaomba kuipima hoja hiyo kwa maneno rahmat na sunnat, ambayo nayo yameandikwa kwa namna mbili, ili tujue kama yanatoa jibu lilelile." Angalia kwamba sikuchagua imra'at. Neno hilo likiunganishwa na jina la mume, kama imra'at Imran, daima ni maftuha, kwa hiyo linaweza kuwa ni kanuni tu ya waandishi na haliwezi kupima chochote. Nilieleza sababu hiyo kwa mstari mmoja, na kwenye usaili ndio mstari walioanza nao.

Mbinu

Hapa ndipo barua nyingi huanguka, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Usiandike kwamba utatumia mbinu ya kulinganisha. Onyesha msahafu mmoja na aya zake, ukiwa umekwisha kuziangalia. Huhitaji kusafiri kwanza: picha za misahafu mingi zinapatikana bure kwenye corpuscoranicum.de, na zile za Maktaba ya Taifa ya Ufaransa zipo gallica.bnf.fr.

Watu hukimbilia kurasa za Birmingham, Mingana 1572a, kwa sababu zilitangazwa sana mwaka 2015. Ni karatasi mbili za ngozi zenye sehemu za Kahf, Maryam na Taha. Katika Maryam zina aya ya 91 hadi 98, na rahmat yetu iko aya ya 2. Maana yake, kwa swali hili kurasa hizo maarufu hazina hata neno moja la kupima. Karatasi nyingine 16 za msahafu huohuo ziko Paris katika Arabe 328c, na hizo zina sehemu kubwa ya Sura Hud, ikiwemo aya ya 73 yenye rahmat ya maftuha. Mwombaji anayeandika hivyo ameonyesha amefungua picha, si habari za magazetini.

Mfano niliouweka katikati ya barua ni msahafu wa Tübingen, MA VI 165, wenye karatasi 77 za ngozi, kuanzia Israi karibu na aya ya 35 hadi Yasin aya ya 57. Ndani ya eneo hilo, kwa tahajia ya misahafu tunayosomea leo, rahmat ni maftuha katika Maryam 2 na Rum 50, na ni marbuta katika Israi 100. Neno sunnat ni maftuha mara tatu katika Fatir 43, na ni marbuta katika Ahzab 38 na 62. Kuna pia jozi ambayo peke yake inatosha kubeba aya nzima ya barua: maneno sunnat al-awwalin yamo katika Kahf 55 kwa marbuta na katika Fatir 43 kwa maftuha. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, ndani ya msahafu mmoja. Kama mwandishi alikuwa akijiandikia kwa mazoea ya mkono wake, tungetegemea aandike namna moja kote kuwili.

Kisha eleza kwa nini alama uliyoichagua inasomeka. Katika khati ya Hijazi nukta ni chache, na irabu hazipo au zimeongezwa baadaye. Herufi zinazotofautishwa kwa nukta peke yake, kama ba na ta katikati ya neno, zitakupa ubishi usiokwisha. Mwishoni mwa neno, ta maftuha ni mstari uliolala na kuinuka ncha, na marbuta ni umbo la ha, kitanzi kilichofunga. Hata wino ukiwa umepauka, maumbo hayo hayachanganyiki.

Sema pia kitakachoharibika. Misahafu hii ilisahihishwa na mikono ya baadaye ili ifanane na ile iliyozoeleka wakati huo. Dalili zake ni wino wa rangi nyingine, ngozi iliyokwaruzwa ikawa na manyoya, na herufi iliyobanwa kwa sababu nafasi haikutosha. Mimi nilipanga kila neno katika moja ya mafungu matatu: limesomeka likiwa la mkono wa kwanza, limeguswa baadaye, au halisomeki. Niliahidi kuhesabu fungu la kwanza peke yake, na kwamba neno lolote la fungu la pili nitaliangalia kwenye karatasi yenyewe, si kwenye picha. Ahadi hiyo ndiyo inayohalalisha nauli unayoiomba.

Kuhusu umri wa ngozi, kuwa mwangalifu. Kipimo cha kaboni kimezipa kurasa za Birmingham kati ya mwaka 568 na 645, na Tübingen kati ya 649 na 675, vyote kwa uwezekano wa asilimia 95.4. Kipimo hicho kinaeleza mnyama alikufa lini. Hakipimi wino, na mwaka wa kuandika unaweza kuwa baada ya hapo. Ukiandika "imethibitishwa iliandikwa mwaka fulani", msomaji mtaalamu ataacha kukuamini katika mengine pia.

Faida kwa watu wa nyumbani

Sehemu hii ilinichukulia muda kuliko zote, kwa sababu mfadhili alitaka barua ya ridhaa kutoka kwa watu wenyewe. Nilikwenda kwa kamati ya msikiti mmoja hapa Ujiji. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda Ulaya kutafuta makosa katika Qur'ani?" Swali hilo ni la haki, na utalikuta Tabora kama utakavyolikuta hapa. Usilikwepe.

Ugumu ni kwamba kamati inataka kuhakikishiwa, na profesa anataka swali ambalo jibu lake halijaamuliwa. Ukiwaandikia wazee kwamba unakwenda kuthibitisha, profesa ataona umeshahitimisha. Ukiwaandikia kwamba unakwenda kuhoji, hupati mhuri. Nilichofanya ni kurudi kwa wanazuoni wenyewe. Abu Amr al-Dani, aliyefariki mwaka 1053, aliorodhesha waziwazi tofauti za misahafu ya Madina, Makka, Kufa, Basra na Sham. Al Imran aya ya 133, kwa mfano, inaanza kwa waw katika misahafu ya Iraki na haina waw katika ile ya Madina na Sham, na wanaosoma kwa riwaya ya Warshi wanaisoma bila waw hadi leo. Kuandika kile kilichoonekana ni kazi ambayo wanazuoni wameifanya tangu zamani. Nikawasomea wazee sentensi hii: "Utafiti huu utaeleza, herufi kwa herufi, waandishi wa kwanza waliandikaje maneno tuliyofundishwa kuyasoma, na utaripoti kufanana na kutofautiana kwa ukamilifu uleule." Yule mzee akaomba isomwe tena, kisha akasema iandikwe hivyohivyo. Sentensi hiyohiyo, bila kubadilishwa, ndiyo iliyokwenda kwa mfadhili.

Faida yenyewe itaje kwa vitu. Mimi niliahidi mawili. La kwanza ni karatasi za somo la mlango wa ta kwa madrasa, zenye picha za misahafu ya kale na maelezo ya Kiswahili, baada ya kupata ruhusa ya maktaba zinazomiliki picha. La pili ni orodha ya misahafu ya mkono na vitabu vya zamani vilivyomo katika nyumba za Ujiji: kila kimoja kipigwe picha kikiwa kwa mwenyewe, kisitoke nyumbani kwake, na nakala ya picha abaki nayo. Hilo la kutotoka liandike wazi. Familia zina hofu ya mtu kuondoka na kitabu cha babu, na mfadhili makini naye analitafuta neno hilo. Katika bajeti weka kamera, taa, diski mbili na masanduku yasiyopitisha unyevu wala mchwa.

Kutuma

Waombe wanaokupendekeza mapema, na mpe kila mmoja barua yako ili maneno yao yagusie swali lilelile. Saa ya mwisho kwenye mfumo huwa ni ya nchi ya mfadhili, hivyo igeuze kwa saa zetu. Barua ya kamati ikiwa ya Kiswahili, iambatanishe pamoja na tafsiri, na mhuri uonekane kwenye PDF. Ukishapata ujumbe wa kupokelewa, chapisha seti nzima umpelekee katibu wa kamati. Mfadhili anaweza kumpigia simu bila kukuarifu, na katibu anapaswa kuwa na barua mkononi anapojibu.