Upau mmoja wa rangi, pau sita za kijivu: chati ya gharama za dagaa, hatua kwa hatua

Kikundi ninachokiandikia mahesabu kinaanika dagaa upande wa Igombe na kuuza Mwaloni, Kirumba. Wanaanika mchangani, kama wengi. Dagaa wakishakauka lazima wachekechwe kabla ya kufungwa kwenye magunia, na kazi hiyo ina vibarua wake na malipo yake. Nilitaka wanakikundi waione gharama hiyo moja katikati ya nyingine zote, kwa sababu vichanja vingeiondoa karibu yote. Namba hapa chini nimezizungusha kwa ajili ya zoezi, ni shilingi za mwezi mmoja:

```
Usafiri              420000
Vibarua wa kuanika   310000
Kuchekecha mchanga   265000
Magunia na kamba     140000
Ushuru               120000
Ulinzi wa usiku       90000
Maturubai             55000
```

Hatua ya 1: Andika sentensi kabla ya kugusa chati

Angalia kwamba mchanga hauko juu. Ni wa tatu. Ukiziacha pau zote na rangi moja, jicho litakwenda kwenye ule mrefu kuliko yote, na kikao kitaishia kwenye nauli ya boti, jambo ambalo kikundi hakina uwezo nalo. Hapo ndipo rangi inapofanya kazi ambayo urefu hauwezi kuifanya.

Sentensi yangu ilikuwa hii: "Kuchekecha mchanga kunatula 265,000 kwa mwezi." Mhusika wa sentensi ndiye anayepewa rangi. Ukishindwa kuandika sentensi yenye mhusika mmoja, mfano unataka tu watu waone gharama zote zilivyogawanyika, basi usipake kijivu. Mbinu hii haikufai.

Hatua ya 2: Usipake rangi kwa mkono

Njia ya haraka katika Excel inajulikana: bofya upau mara moja, pau zote zinachaguliwa, bofya tena, unabaki ule mmoja, kisha unabadili `Fill`. Inafaa kwa chati ya kutumia leo na kutupa leo.

Mimi iliniumbua. Jedwali langu la kwanza lilifuata mpangilio wa daftari, na mchanga ulikuwa mstari wa sita. Nikaupaka rangi vizuri kabisa. Asubuhi ya kikao nikaona chati inapendeza zaidi ikipangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, nikapanga, nikafunga laptopu. Kwenye projekta, mama mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwanangu, huyu mlinzi amefanya nini?" Rangi ilikuwa imebaki kwenye nafasi ya sita, na nafasi ya sita sasa ilikuwa ya ulinzi wa usiku. Nikamjibu, "Samahani mama, kosa ni langu, siyo lake." Watu walicheka, lakini mlinzi mwenyewe alikuwepo na hakucheka.

Rangi ya mkono inashika nafasi, haishiki jina. Dawa yake ni kuifanya rangi itoke kwenye jedwali lenyewe.

Hatua ya 3: Tengeneza safu mbili

Majina yako `A2` hadi `A8`, kiasi kiko `B2` hadi `B8`. Kwenye `F1` andika jina la gharama unayotaka ionekane: Kuchekecha mchanga. Kwenye `C1` andika Kijivu, `D1` andika Rangi, kisha weka fomula hizi:

```
C2:  =IF($A2=$F$1,0,$B2)
D2:  =IF($A2=$F$1,$B2,0)
```

Zivute hadi mstari wa nane. Kila gharama sasa ina namba upande mmoja na sifuri upande wa pili. Panga jedwali utakavyo, rangi itamfuata mwenye jina. Kama kompyuta yako inazikataa fomula, jaribu nukta mkato badala ya mkato. Hiyo inategemea ilivyopangwa.

Kosa la hapa utalijua mara moja: chati nzima inakuwa ya kijivu. Maana yake jina la `F1` halilingani na lolote, na mara nyingi mchawi ni nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa neno. Ili kuliepuka, simama `F1`, nenda `Data Validation`, chagua `List`, uelekeze `A2:A8`. Baada ya hapo unachagua jina, huandiki.

Hatua ya 4: Chora

Chagua `A1:A8`, shikilia Ctrl, chagua `C1:D8`, kisha weka `Clustered Bar`. Pau za kulala ni bora hapa kwa sababu majina ni marefu. Mwanzoni zitaonekana nyembamba na zimepishana. Bofya upau wowote, fungua `Format Data Series`, weka `Series Overlap` 100% na `Gap Width` 50%. Zitakaa sawasawa. Kama ile kubwa iko chini, bofya mhimili wa majina na utie alama kwenye `Categories in reverse order`.

Wengine wangetumia `Stacked Bar` ili kukwepa hiyo `Series Overlap`. Mimi siitumii, maana ukiiweka huwezi kupata lebo za `Outside End`, na namba zinazokaa nje ya ncha ya upau ndizo zinazosomeka ukiwa umekaa nyuma ya ukumbi.

Ongeza lebo kwenye safu zote mbili. Sifuri nazo zitajitokeza. Zifiche kwa kuandika hivi kwenye `Format Code` ya lebo za kila safu, kisha ubofye `Add`:

```
#,##0;;
```

Namba zikishaonekana, futa mhimili wa chini, mistari ya nyuma na kisanduku cha maelezo ya rangi.

Hatua ya 5: Rangi zenyewe

Kijivu ninachotumia ni `#BFBFBF`, na upau wa hadithi ni bluu iliyokoza, `#1F4E79`. Nilianza na chungwa. Kwenye skrini lilikuwa linang'aa, ila nilipotoa fotokopi za kugawa, chungwa likageuka kijivu kinachokaribiana na vile vingine na chati ikawa haisemi kitu. Bluu iliyokoza inatoka karibu nyeusi. Kabla ya kuchapa, piga picha ya skrini kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama upau wako haujitokezi hapo, kwenye fotokopi hautajitokeza.

Kijivu ni cha pau, si cha maandishi. Majina na namba za gharama nyingine ziandike kwa `#595959`, zisomeke bila kukodoa. Aliyelipa ushuru ana haki ya kuona ushuru wake.

Hatua ya 6: Kichwa

Weka ile sentensi ya hatua ya kwanza iwe kichwa, kisha chagua maneno "Kuchekecha mchanga" peke yake na uyape bluu ileile. Ndiyo maana tumefuta kisanduku cha maelezo. Andika kichwa moja kwa moja ndani ya chati. Ukikiunganisha na seli, huwezi tena kupaka rangi maneno mawili tu.

Chini yake nikaongeza mstari mdogo: "Usafiri na vibarua ni zaidi, lakini hii ndiyo inayoondoka tukinunua vichanja." Bila mstari huo mtu ataziona pau mbili ndefu zilizofifishwa na kuuliza unaficha nini, na atakuwa na haki.

Kikao kilichofuata mwenyekiti alitaka tuzungumzie ushuru. Nilibadili `F1` na kichwa, mbele yao, wakati chai inamiminwa.