Maelezo ya programu yako Google Play: anza na kazi inayofanya

Rafiki yangu alitengeneza programu ya kuandika madeni ya wateja wa duka. Maelezo yake yalianza hivi: "Karibu kwenye suluhisho la kisasa la fedha kwa mjasiriamali wa leo." Nilimpelekea simu Mangi wa mtaani kwetu asome. Akauliza, "Hii ya mikopo?" Hivi ndivyo tulivyoyarekebisha maelezo hayo.

Hatua ya 1. Fungua ukurasa wa programu yako kwenye simu, wala si kwenye kompyuta. Usibonyeze chochote. Mteja anaona jina, picha, na ule mstari mfupi uitwao Short description. Maelezo marefu yamejificha, mpaka abonyeze mshale. Wengi hawaubonyezi, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye mstari huo mfupi.

Hatua ya 2. Andika sentensi moja inayoanza na kitenzi: mtu akishaipakua, atafanya nini? Tumia maneno ya dukani. Mangi hasemi "kusimamia mikopo ya wateja", anasema "kuandika madeni". Tukapata hii:

```
Andika madeni ya wateja wa duka, ona nani anadaiwa shilingi ngapi hata bila bando
```

Hatua ya 3. Hesabu herufi, nafasi na alama zikiwemo. Short description inaishia 80, na sentensi yetu ina 81. Rafiki yangu alitaka kufuta "bila bando". Nikakataa, maana hilo ndilo swali la pili la kila mwenye duka. Tukaondoa "hata", tukaongeza mkato:

```
Andika madeni ya wateja wa duka, ona nani anadaiwa shilingi ngapi, bila bando
```

Sasa ni 77. Kama yako haienei, toa sifa kwanza: "bora", "rahisi", "ya kisasa". Hazimwambii mtu kitu, na neno kama "bora" au "namba moja" ukilitia kwenye jina la programu, Google wanaweza kuikataa.

Hatua ya 4. Kwenye Full description una herufi 4,000, lakini shughulika na sentensi mbili za mwanzo. Ya kwanza irudie kazi ile kwa mfano: "Mama Asha amechukua unga na sukari, atalipa Ijumaa: andika jina, kiasi na tarehe." Ya pili iondoe dhana potofu uliyoisikia. Yetu ilikuwa "Programu hii haikopeshi pesa." Salamu na historia yenu zishuke chini kabisa.

Kwa App Store, sentensi fupi inakaa kwenye Subtitle, nayo ni herufi 30 tu: "Daftari la madeni ya duka" inaenea. Huko Description hubadilishwa pamoja na toleo jipya, basi isahihishe kabla ya kutuma.

Hatua ya 5. Mpe simu mtu asiyeijua programu, asome mara moja, kisha mnyang'anye na umuulize inafanya nini. Usimsaidie. Mangi safari hii alisema, "Daftari la madeni. Ila simu ikiibiwa je?"

Tukarudi kwenye Full description kuandika sentensi ya tatu.