Jinsi ya kupima saizi ya pete nyumbani, hasa kama unataka pete pana na vidole vyako vinavimba kwenye joto

Natengeneza na kuuza pete za ndoa hapa Dar na wateja wengi wananiagizia wakiwa mbali, mtu yuko Tanga au Mombasa au Muscat, ananitumia namba ya saizi aliyoipata kwa kuzungusha uzi kidoleni. Namba za uzi mimi huwa nazikataa. Uzi unavutika, afu ni mwembamba kwa hiyo unazama kwenye nyama, unasoma kidole kidogo kuliko kilivyo. Ukienda kuvaa pete ya upana wa milimita 8 kwa namba hiyo inagoma kwenye kifundo, na ikipita basi jioni haitoki.

Twende na karatasi. Chukua karatasi ya kawaida ya kuprinti, usitumie tishu wala karatasi ya daftari iliyolegea, kata ukanda wa urefu kama sentimita 10, na upana wa ukanda uwe sawasawa na upana wa pete unayoitaka. Hapo kwenye upana ndo siri yenyewe ilipo. Pete pana inafunika nyama nyingi, ile nyama inakosa pa kukimbilia, inabanwa, ndo maana mtu anavaa pete nyembamba ya saizi 7 vizuri kabisa lakini pana ya saizi hiyohiyo inamkaba. Ukipima kwa ukanda wa upana uleule kidole chenyewe kinakupa jibu, huhitaji kukisia. Kama umeshapima kwa ukanda mwembamba wa milimita 3 hivi na huwezi kurudia, basi pete ya upana hadi 4 acha namba ilivyo, ya 6 ongeza robo saizi, ya 8 na kuendelea ongeza nusu saizi. Lakini usifanye yote mawili, mtu anapima kwa ukanda mpana afu anaongeza nusu tena, pete inaishia kumdondoka akinawa mikono.

Sasa zungusha ukanda kwenye shina la kidole, pale pete itakapokaa, uguse ngozi pande zote bila kuibonyeza. Pale ncha inapopandia karatasi weka alama kwa peni yenye ncha nyembamba, kunjua, laza mezani, pima kwa rula. Angalia rula yako vizuri, nyingi za plastiki zina kipande kitupu kabla ya sifuri, anza kwenye mstari wa sifuri wenyewe na sio kwenye ukingo. Ukikosea milimita 1 tu hapo umeshapotea karibu nusu saizi, maana saizi moja nzima kwa namba za Kimarekani ni kama milimita 2.5 za mzunguko.

Kuna wanaopenda kuchukua pete yao ya zamani wakapima uwazi wa ndani kwa rula. Sikushauri kama huna venia, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia kipenyo kwa usahihi. Ukikosea nusu milimita kwenye kipenyo, ukizidisha mara 3.14 inakuwa zaidi ya milimita 1.5 kwenye mzunguko, hiyo ni zaidi ya nusu saizi. Kosa hilohilo la nusu milimita kwenye ukanda linabaki nusu milimita.

Baada ya hapo funga ule ukanda kwa selotepu palepale kwenye alama uwe kama pete, afu upitishe kidoleni kutokea kwenye kucha. Unatakiwa usumbue kidogo kwenye kifundo na kupita bila kuchanika, na kutoka uhitaji kuuzungusha kidogo huku unavuta. Kama kifundo ni kikubwa na ukanda haupiti, ongeza nusu milimita, jaribu tena, endelea hivyo mpaka upite. Namba ya kwanza kupita iandike pembeni, tutaihitaji.

Haya tuje kwenye joto. Mwili ukipata joto mishipa ya damu karibu na ngozi inatanuka ili upoe na maji kidogo yanavujia kwenye nyama, vidole vinanenepa. Ukitembea juani mikono inaning'inia, vinanenepa zaidi, na ukila chumvi nyingi usiku unaweza ukaamka navyo hivyohivyo. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Pima asubuhi ukiwa umetulia kama saa moja hivi baada ya kuamka, pima mchana ukitoka kwenye jua kabla hujanawa na maji ya baridi, pima na jioni, na urudie siku nyingine. Pima kidole chenyewe kitakachovaa, maana mkono unaoutumia sana mara nyingi una vidole vikubwa kidogo kuliko mwenzake. Kama una mimba, au mkono umetoka kuumia, subiri kwanza.

Tofauti kati ya kipimo kidogo na kikubwa ikiwa ndani ya milimita 1.3, chukua cha katikati ukiegemea juu na umemaliza. Ikizidi hapo inabidi kuamua, na nitakuonesha kwa dada mmoja wa Mombasa aliyetaka pete ya upana wa milimita 8. Kwa uzi alikuwa amepata 52.5, yani kama saizi 6 na robo. Nikamwambia akate ukanda wa 8. Asubuhi akapata 54, mchana akitoka sokoni 57, jioni 55.5, na ukanda ulianza kupita kwenye kifundo ukifika 56.5. Kati ya asubuhi na mchana kuna milimita 3, zaidi ya saizi nzima! Ukichukua katikati, 55.5, haipiti hata kwenye kifundo. Tukachukua 57, ambayo ni saizi 8. Mchana inamkaa bila kukaba, asubuhi inacheza kwenye shina, ila kifundo kinaizuia isitoke yenyewe, na kwa kuwa Mombasa ni joto muda mwingi wa mwaka, hayo masaa ya kulegea ni machache.

Angekuwa anaishi Njombe na kushuka Pwani likizo tu ningeegemea chini zaidi. Na kama kifundo chake kingekuwa chembamba, kisichoweza kuishika pete, ningebaki na 57 afu nikalehemu vidoti viwili vidogo vya dhahabu upande wa ndani chini, kimoja kushoto kingine kulia, vinashika kidole asubuhi na mchana havibani kama pete ndogo.

Kama pete ni ya tangsteni ongeza umakini, maana ile haipanuliwi wala haipunguzwi, sonara yeyote atakwambia ununue nyingine. Dhahabu na fedha tunaweza kuzigusa, ila yenye mawe kuizunguka yote ni shughuli.

Ukishapata namba yako usimtumie fundi "saizi 8" peke yake, maana kuna mafundi wanaotumia herufi za Kiingereza na wengine namba za Kihindi. Mwandikie hivi: mzunguko wa ndani milimita 57, upana milimita 8, nimepima kwa ukanda wa upana huohuo, usiongeze kitu.