Somo: Tusome kichupa cha Penta pamoja. Aluminiamu na thiomesali zimewekwa za nini?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alikaa mbele yangu kliniki, mtoto wa wiki 6 mapajani, akakataa kumfungua kanga. "Dada nesi, nimesikia humo mna madini ya sufuria na zebaki. Niambie ukweli kabla hujamchoma." Sikumlaumu. Nilitoa kichupa kwenye boksi la baridi tukakisoma pamoja, na somo hili linafuata njia ileile tuliyopita mimi na yeye.

Hatua ya 1: Uliza leo mtoto anapewa chanjo gani

Si kila chanjo ina vitu hivi. BCG, matone ya polio, matone ya rota na chanjo ya surua-rubela hazina aluminiamu wala thiomesali. Hizo zimetengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na dawa ya kuua vijidudu ingeiharibu chanjo yenyewe.

Vitu unavyoviulizia viko hasa kwenye Penta, ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria wa Hib. Chanjo ya nimonia (PCV) nayo ina aluminiamu.

Hatua ya 2: Tafuta neno "aluminiamu" kwenye maelezo ya kichupa

Ndani ya Penta hamna kijidudu hai hata kimoja. Mna sumu ya dondakoo na ya pepopunda iliyoondolewa makali, bakteria wa kifaduro waliokufa, na vipande vya vijidudu wengine. Vitu vilivyokufa hivi, vikiingia peke yake, mwili hauvishughulikii sana. Unavisafisha na kuvisahau.

Mwaka 1926 mtafiti Mwingereza, Alexander Glenny, aliona kwamba sumu ya dondakoo iliyoondolewa makali ikigandishwa kwa shabu, kinga inayopatikana ni kubwa zaidi. Ni shabu hii hii tunayoijua ya kutuliza maji ya tope, nayo ni chumvi ya aluminiamu. Chembe zake hushikana na chanjo, zikaikalisha kwenye msuli, na kuwashtua walinzi wa mwili waje waone kuna nini. Bila hiyo, tungehitaji dozi kubwa zaidi au sindano nyingi zaidi.

Kiasi chake? Kwa Penta tunayotumia, kichupa kinasema isizidi miligramu 1.25 kwa dozi moja. Ni kama punje kadhaa za chumvi ya mezani.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu wengi hujibu kwa haraka kwamba "hata maziwa ya mama yana aluminiamu". Ni kweli yanayo, lakini inayopita tumboni karibu yote hutoka na choo, haifiki hata asilimia 1 inayoingia kwenye damu. Ya sindano hatimaye huingia yote. Kinachomlinda mtoto ni kwamba haiingii kwa mkupuo. Inayeyuka polepole kutoka kwenye msuli kwa wiki na miezi, na figo zinaitoa kwenye mkojo kadiri inavyoingia. Huko Denmaki watafiti walifuatilia watoto zaidi ya milioni 1.2, wakalinganisha waliopata aluminiamu nyingi na kidogo kwenye chanjo. Matokeo yaliyotoka 2025 hayakuonyesha ongezeko la pumu, mzio, magonjwa ya kinga wala usonji.

Hatua ya 3: Tafuta neno "thiomesali"

Kichupa cha Penta kwa kawaida kina dozi 10. Maana yake kizibo chake hutobolewa mara 10, na kila sindano inaweza kuingia na bakteria wa hewani au wa mikononi. Januari 1928, mjini Bundaberg huko Australia, watoto 21 walichanjwa dondakoo kutoka kichupa cha namna hiyo kisichokuwa na kihifadhi. Bakteria walikuwa wameshazaana ndani. Watoto 12 walikufa. Thiomesali ipo kwa ajili ya hilo tu: kuua bakteria walioingia na sindano.

Sasa tupige hesabu. Kichupa kinaandika asilimia 0.005. Dozi ya mtoto ni nusu mililita, kwa hiyo anapata mikrogramu 25 za thiomesali. Karibu nusu ya uzito huo ndiyo zebaki, yaani mikrogramu 12.5. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya elfu ya miligramu.

Zebaki nazo si moja. Ile ya kwenye samaki wakubwa kama papa na jodari inaitwa methili-zebaki. Hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua kama siku 50 kutoka. Ya thiomesali ni ethili-zebaki. Kwa watoto wachanga nusu yake hutoka kwenye damu ndani ya wiki moja, kwa njia ya choo. Mpaka arudi wiki 4 baadaye, ile ya mwanzo imeshaondoka kwenye damu karibu yote.

Hatua ya 4: Mtazame nesi anavyoshika kichupa

Penta hutikiswa kabla ya kuvutwa, maana chembe za aluminiamu hutuama chini. Ikigandishwa kwa barafu, chembe hushikana mabonge na chanjo inapoteza nguvu, hata ikiyeyuka tena. Tukiwa na shaka, tunakitikisa pamoja na kichupa tulichokigandisha makusudi, tunaviweka mezani na kuvitazama hadi nusu saa. Kikituama haraka sawa na kile kilichogandishwa, hakitumiki. Una haki ya kuuliza, na pia kuuliza kichupa kilifunguliwa lini.

Maswali ya wanachama

*Mbona Wamarekani waliiondoa thiomesali kama haina shida?*

Mwaka 1999 waliamua kuiondoa kwa tahadhari, na kufikia 2001 haikuwepo kwenye chanjo za kawaida za watoto wachanga. Wao waliweza kutumia vichupa vya dozi moja moja. Hivyo ni ghali na vinajaza friji, na friji ya kituo chetu ni ndogo. Baada ya kuiondoa, idadi ya watoto wanaogundulika na usonji huko haikushuka, iliendelea kupanda. Mama, hilo ndilo jibu ninaloliamini kuliko maneno yangu yote.

*Mwanangu ana kibonge kigumu pajani tangu achomwe, wiki ya tatu sasa.*

Mara nyingi ni aluminiamu ikiwa bado kwenye msuli, hasa kama sindano haikuzama vizuri. Huisha yenyewe. Usikikande, usiweke dawa ya kienyeji. Kikiwa chekundu, cha moto, kinazidi kukua au mtoto ana homa, mlete siku hiyo hiyo.

*Wangu ana tatizo la figo. Nimchanje?*

Mwambie daktari wake kwanza, dada yangu, ajue. Aluminiamu iliyowadhuru wagonjwa wa figo ilitoka kwenye maji ya kusafishia damu na dripu za muda mrefu, siku baada ya siku. Dozi chache za chanjo ni kidogo sana ukilinganisha na hizo, na mtoto wa namna hii ndiye anayeumizwa zaidi na maambukizi.

*Kwa nini juzi nesi alimwaga chanjo ya surua iliyobaki, huku ya Penta akairudisha kwenye friji?*

Penta ina kihifadhi. Ikitunzwa vizuri kwenye baridi inaweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Ya surua haina, kwa hiyo baada ya saa 6, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, inamwagwa. Mei 2017, Kapoeta huko Sudani Kusini, kwenye kampeni ya surua, bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne na chanjo haikuwa kwenye baridi. Watoto 15 walikufa. Huyo nesi alifanya sawa.